Kikanushi kinafuta nini?

Katika sentensi yakinishi, "must" na "have to" za Kiingereza hukaribiana sana. "You must take it with food" na "You have to take it with food" zote zinakutaka umeze dawa pamoja na chakula. Zikanushe uone zinavyoachana. "You mustn't take it with food" ni katazo: usiimeze na chakula. "You don't have to take it with food" inakuondolea sharti tu. Ukitaka kula, kula. Mfasiri wa karatasi ya dawa akiweka "si lazima" mahali pa "mustn't", mgonjwa ameponzwa.

Tofauti inatokana na kile kinachokanushwa. Katika "mustn't" ni tendo, na ulazima unabaki palepale. Katika "don't have to" ni ulazima wenyewe unaofutwa.

Yenye hila zaidi, kwangu, ni "may not". "You may not enter" ni kunyimwa ruhusa, lakini "She may not come" kwa kawaida ni "huenda asije". Umbo ni lilelile, muktadha ndio huamua. Ndiyo maana kwenye kanuni au mkataba, katazo huwa wazi zaidi likiandikwa "must not".