Majibu ya Tathmini ya Makuzi ya Mtoto: Jinsi ya Kuwaeleza Wazazi Bila Lawama na Bila Ahadi za Uongo

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na wenye makao makuu yake Bariadi, una halmashauri sita: Bariadi Mji, Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Kwa familia nyingi za halmashauri hizo, mahali pa kwanza ambapo kuchelewa kwa makuzi ya mtoto huonekana na mtumishi wa afya ni kliniki ya mama na mtoto. Mzazi hufika kwa ajili ya chanjo au kupima uzito, na katika mazungumzo hubainika kuwa mtoto wa miaka miwili hasemi, haitiki anapoitwa jina, au amepoteza maneno aliyokuwa nayo.

Baada ya tathmini kufanyika, mzazi hupewa majibu. Namna majibu hayo yanavyotamkwa huamua mambo mawili: kama mtoto atarudishwa kliniki, na kama mama atabebeshwa mzigo wa lawama nyumbani. Makala haya yanaeleza maneno ya Kiswahili yanayofaa na yasiyofaa katika mazungumzo hayo, pamoja na sababu zake.

Tathmini inaonesha nini

Tathmini ya makuzi hupima anachofanya mtoto sasa: kutembea, kutumia mikono, kuwasiliana, kucheza na kujihudumia. Matokeo yake hulinganishwa na ya watoto wa umri wake. Ziko zana zilizotengenezwa Afrika kwa kutumia vitu vinavyofahamika na watoto wa huku, ikiwemo ya Malawi iliyochapishwa mwaka 2010 na ile ya Kilifi, Kenya.

Dalili zinazohitaji uchunguzi bila kusubiri ni mtoto asiyenyoosha kidole wala kutumia ishara yoyote anapofikisha miezi 12, asiye na neno hata moja kwa miezi 16, asiyeunganisha maneno mawili kwa miezi 24, au aliyepoteza uwezo aliokuwa nao katika umri wowote.

Usonji ni kitu mahususi zaidi. Hutambuliwa pale tofauti katika kuwasiliana na kushirikiana na watu zinapoambatana na tabia za kujirudiarudia au kushikilia mambo machache. Hakuna kipimo cha damu kinachouthibitisha. Mtaalamu hutegemea kumtazama mtoto na kuwasikiliza wanaomlea. Kwa sababu hiyo, zahanati haithibitishi usonji. Inaweza kusema kwamba dalili zinaelekea huko na kumpa mtoto rufaa ya hospitali ya mkoa, na ikihitajika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, Mwanza. Usikivu wa mtoto hupimwa pia, kwani asiyesikia vizuri naye huchelewa kusema na haitiki anapoitwa.

Maneno yanayobeba lawama

Kiswahili kinaweza kulaumu kwa kiambishi kimoja tu. "Mtoto amechelewa kuzungumza" ni maelezo ya hali. "Mmemchelewesha mtoto" ni shutuma, kwa kuwa kitenzi hicho kinamtaja aliyesababisha. Vivyo hivyo, "mmechelewa kumleta" humfanya mzazi ajitetee badala ya kusikiliza. Kauli inayofaa ni "mmefanya vizuri kumleta leo", na itamkwe tu kwa sababu ni kweli: kazi na mtoto huanza siku anapoonekana.

Swali la "kwa nini" nalo huumiza. "Kwa nini hukuhudhuria kliniki?" husikika kama hukumu. Taarifa hiyohiyo hupatikana kwa kuuliza, "Mama, ujauzito wa mtoto huyu ulikwendaje? Alipozaliwa alilia mara moja?" Mtoa huduma anahitaji kujua kama mtoto alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, alipata manjano kali, malaria ya ubongo au homa ya uti wa mgongo, kwa sababu hayo yanaweza kuathiri makuzi. Aeleze kwanza kwamba maswali hayo huulizwa kwa kila mzazi.

Kuhusu usonji, lawama ina historia ndefu. Leo Kanner alieleza hali hiyo mwaka 1943, na kwa miaka mingi baadaye wataalamu wa Ulaya na Marekani waliwashutumu akina mama kwamba ubaridi wao kwa watoto ndio chanzo. Bernard Rimland alipinga dhana hiyo mwaka 1964, na sayansi ikathibitisha kuwa haikuwa sahihi. Usonji unahusiana na namna ubongo unavyokua tangu mapema, na urithi wa vinasaba una nafasi kubwa. Hausababishwi na malezi. Hausababishwi na chanjo pia. Makala ya mwaka 1998 iliyozusha hofu hiyo ilifutwa na jarida lililoichapisha mwaka 2010.

Baadhi ya familia hufika zikiwa tayari na maelezo yao: laana, kurogwa, au mkosi ulioletwa na mke. Kubishana na imani hizo ndani ya chumba cha majibu hakusaidii. Hata hivyo, kunyamaza huachia lawama iendelee. Mtoa huduma aseme waziwazi, mbele ya wote waliofika: "Hakuna mtu katika familia hii aliyemfanya mtoto awe hivi."

Maneno yanayobeba ahadi

Kauli kama "usijali, atasema tu" au "wavulana huchelewa" hutolewa kwa huruma, lakini humrudisha mtoto nyumbani bila huduma. "Atapona" ni ahadi mbaya zaidi. Usonji hauna dawa ya kuuondoa, na mzazi aliyeahidiwa kupona huhama kutoka kituo hadi kituo, kwa mganga hadi kwa muuza dawa, akitafuta kilichoahidiwa.

Zipo pia ahadi zinazojificha. Neno "kuchelewa" lenyewe hubeba matumaini: basi lililochelewa hatimaye hufika. "Hajazungumza" huashiria kwamba atazungumza, ilhali "hazungumzi" husikika kama mlango uliofungwa. Njia iliyo salama ni kusema kinachoonekana leo na kukifunga na wakati: "Kwa sasa mtoto anatumia maneno mawili. Watoto wengi wa umri wake wanaunganisha maneno kuwa sentensi fupi."

Neno "udumavu" liepukwe kabisa hapa. Katika elimu ya lishe nchini, udumavu ni ufupi wa kimo kulingana na umri. Mama anayeambiwa "mtoto amedumaa akili" hurudi nyumbani akifikiria uji na mboga, au akiwa amedhalilishwa. Maneno "taahira" na "zezeta" ni matusi na hayana nafasi katika huduma.

Mfano wa mazungumzo

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya kuelekeza. Mtoto wa kiume wa miaka mitatu na miezi miwili ameletwa na mama yake na bibi mzaa baba. Baba yuko safarini. Mtoto alitembea akiwa na miezi 13. Alikuwa na maneno kama sita, lakini kabla ya kufikisha miaka miwili yakapungua hadi mawili, "mayu" na "maji". Haitiki jina lake, lakini hukimbilia mlangoni anaposikia pikipiki. Hupanga visoda kwa mstari kwa muda mrefu. Akitaka maji, huushika mkono wa bibi na kuupeleka kwenye mtungi.

Mtoa huduma hufunga mlango, hukaa nao kwa usawa, na huuliza kwanza kama Kiswahili kinawatosha. Bibi akiwa huru zaidi katika Kisukuma, mtumishi mwingine hutafsiri. Kazi hiyo hapewi dada wa mtoto wala jirani, kwa sababu ni siri ya familia.

Kisha huanza na wanachokijua wao: "Mama, na wewe bibi, nyumbani mnamwonaje?" Baada ya kuwasikiliza, huomba ruhusa: "Naomba niwaeleze tulichokiona leo." Anaanza na uwezo wa mtoto: anatembea na kukimbia vizuri, na anajua kumtumia bibi kupata maji. Halafu anasema: "Hanyooshi kidole kuonesha anachotaka, haangalii anapoitwa, na maneno aliyokuwa nayo yamepungua. Mambo haya kwa pamoja ni dalili za hali inayoitwa usonji. Sisi hapa hatuwezi kuthibitisha. Tunampa rufaa akaonwe na mtaalamu, na masikio yapimwe."

Hapo hunyamaza. Ukimya huo ni sehemu ya kazi, na "pole" husemwa baada ya mzazi kuonesha huzuni yake. Ikitangulia majibu, husikika kama tangazo la msiba.

Bibi anauliza kama ni kwa sababu mkwewe alibeba maji kutoka lambo akiwa mjamzito. "Hapana, bibi. Kubeba maji hakuleti hali hii. Hakuna alilofanya wala kuacha kufanya."

Mama anauliza, "Ataongea?" Jibu la kweli ni hili: "Leo hakuna anayeweza kujua, mama. Watoto wengine wenye hali hii huja kuzungumza, wengine hubaki na maneno machache, wengine huwasiliana kwa ishara au picha. Tunaweza kumsaidia awasiliane zaidi ya sasa, na tutamwona tena baada ya miezi mitatu."

Anapewa jambo moja la kuanza nalo nyumbani: mtoto anapomvuta mkono kwenda mtungini, mlezi ainame hadi usawa wa uso wake, aseme "maji", asubiri kidogo amtazame au atoe sauti yoyote, kisha ampe. Maji hayazuiliwi hadi aseme. Lugha itumike ileile ya nyumbani. Kuzungumza Kisukuma na mtoto hakuleti usonji.

Kabla ya kuondoka, mtoa huduma huuliza: "Baba akirudi, utamweleza nini?" Swali hili ndilo linaloonesha kama ujumbe umefika. Mama akisema "tumeambiwa tulichelewa" au "watampa dawa apone", maelezo yarudiwe kwa maneno mengine. Anayejibu "ndiyo" kwa kila kitu huenda hajaelewa lolote. Mwisho hupewa karatasi fupi ya Kiswahili chepesi: kilichoonekana, mahali pa rufaa na tarehe ya kurudi.

Baada ya majibu

Mzazi mwenye wasiwasi aanzie kliniki iliyo karibu, akiwa na kadi ya mtoto, na amwombe baba au mlezi mwingine afike siku ya majibu. Mtoto anayepata degedege asiachishwe dawa zake kwa sababu yoyote bila ushauri wa daktari.

Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri husaidia pale ambapo mama analaumiwa au kufukuzwa nyumbani. Umri wa shule unapofika, Ofisi ya Elimu ya halmashauri hushughulikia uandikishaji. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya elimu. Taarifa za mtoto anayefichwa, kufungiwa au kupigwa hutolewa bila malipo kupitia namba 116.