Neno "Endelevu" Lilitoka Msituni

Gazetini umesoma "uvuvi endelevu". Neno hilo limetokana na kuendelea, lakini fikira yake ni ya zamani. Huko Saksonia, Ujerumani, tanuri za kuyeyushia madini ya fedha zilikula kuni hata misitu ikapungua. Mwaka 1713 Hans Carl von Carlowitz, mkuu wa migodi, aliandika kwamba miti ikatwe kwa kadiri mingine inavyoota. Tufanye hesabu: msitu ukizaa kuni mikokoteni 100 kwa mwaka, nawe ukakata 120, hiyo 20 umeitoa katika akiba. Mwaka wa kwanza hutaona tofauti. Basi ukisoma habari za uvuvi huo, tafuta hesabu mbili: samaki wanaovuliwa, na wanaozaliwa wakakua.