Misioni ya Bagamoyo, Mwaka kwa Mwaka

Tunawaletea kwa ufupi historia ya misioni iliyojengwa pamoja na watu waliokombolewa utumwani.

1860: Padre Armand Fava na wenzake walifika Zanzibar kutoka kisiwa cha Reunion.

1863: Wamisionari wa Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, waliipokea kazi hiyo.

1868: Walivuka bahari na kufungua misioni Bagamoyo, mwisho wa njia ya misafara, ambako watumwa waliokombolewa kwa fedha walipewa makao katika kijiji cha uhuru.

1872: Kimbunga kilibomoa majengo ya misioni, na ujenzi ukaanza upya.

1873: Sultani Barghash alitia sahihi mkataba uliofunga soko la watumwa la Zanzibar.

1874: Mwili wa David Livingstone, uliobebwa kutoka bara na Chuma, Susi na wenzao, ulipokelewa misioni kabla ya kuvushwa Zanzibar.

1877: Misioni ya Mhonda ilifunguliwa bara, na familia za Kikristo kutoka Bagamoyo zikaenda kuishi huko.

2018: Kanisa la Tanzania Bara liliadhimisha Bagamoyo miaka 150 ya uinjilishaji.

Hivyo, tunapowakumbuka mapadre waliotuletea Injili, tuzikumbuke pia familia zile za Mhonda: waliokombolewa jana ndio waliokwenda kuipanda imani bara.