Kubadilisha neno moja hakutoshi: jinsi ya kupima kaulimbiu kabla hujachapisha lebo

Mwezi uliopita mpwa wangu alinijia na mchoro wa lebo mkononi. Anatengeneza achari ya embe nyumbani kwao Kisauni, na baada ya kuuza kwa jirani na jamaa kwa mwaka mzima alipata duka kubwa la kumchukulia mzigo. Mchapishaji alikuwa akingoja idhini yake ili apige lebo elfu mbili. Chini ya jina la achari pameandikwa: "Utamu wa Pwani, Nyumbani Mwako".

Nilimuuliza kama amewahi kuiona achari nyingine iliyoko kwenye rafu za duka hilo hilo, ambayo kaulimbiu yake ni "Ladha ya Pwani, Nyumbani Kwako". (Maneno nimeyageuza kidogo hapa ili nisimtaje mtu.) Akacheka. "Naijua, mjomba. Ndiyo maana nimebadilisha maneno mawili."

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunadhani kufanana kunapimwa kwa kuhesabu maneno, yaani ukibadilisha mawili kati ya matano umeshajinasua. Sheria ya Alama za Biashara ya Kenya, Sura ya 506, haihesabu hivyo. Haikatazi tu kunakili neno kwa neno. Inakataza pia alama inayokaribiana na iliyosajiliwa kiasi cha kuweza kumdanganya au kumchanganya mnunuzi. Na mnunuzi anayezungumziwa ni mtu wa kawaida, hayupo dukani na karatasi mbili mkononi akizilinganisha. Anakumbuka kwa juu juu kitu alichokinunua mwezi jana, na mtoto anamvuta nguo. Basi swali la kujiuliza ni hili: mtu huyo akikumbuka kaulimbiu yangu, atakumbuka bidhaa ya nani?

Tulianza kwa kuivunja ile kaulimbiu vipande. "Pwani" ni jina la mahali, na "ladha" na "utamu" ni sifa za chakula chochote. Maneno kama haya peke yake ni vigumu mtu mmoja kuyamiliki, na hata msajili huwa mzito kuyakubali kwa kuwa hayatofautishi bidhaa moja na nyingine. Mpwa wangu alifurahi kusikia hivyo. Lakini yule mshindani hakujulikana kwa neno "ladha". Alijulikana kwa mpangilio: sifa, kisha Pwani, kituo kidogo, kisha nyumba ya mteja. Huo ndio mfupa wa kaulimbiu, na mfupa huo aliubeba wote. Alichobadilisha ni nyama tu.

Ili asidhani ni ubishi wangu, tulifanya jaribio jepesi. Aliwapigia simu watu sita wanaonunua achari ila hawaijui biashara yake, akawasomea kaulimbiu mara moja tu. Kesho yake akawapigia tena na kuwauliza ilikuwa ya achari gani. Wawili hawakukumbuka kitu. Watatu walitaja jina la mshindani. Mmoja alisema, "Si ile ya kifuniko chekundu?" Kifuniko chekundu ni cha mshindani. Jaribio hili si ushahidi wa kupeleka mahakamani, lakini linakuonyesha kitu ambacho macho yako mwenyewe hayawezi kukuonyesha, kwa sababu wewe unajua ulichokibadilisha.

Hatua ya pili ni rejista. Taasisi ya Haki Miliki ya Viwanda Kenya, KIPI, hupokea ombi la kutafutiwa alama kwa fomu TM 27, na ada yake ni ndogo kuliko hasara ya kutupa lebo. La kuangalia ni kundi la bidhaa. Matunda na mboga zilizohifadhiwa huwa katika kundi la 29, lakini sosi, viungo na vikolezo viko kundi la 30. Achari inaweza kuangukia upande wowote kwa jinsi ilivyoelezwa na aliyeisajili, kwa hiyo ukitafuta kundi moja tu unaweza kuambiwa njia ni nyeupe kumbe mwenzio yuko kundi la pili. Tafuta pia neno lenyewe kwa tahajia nyingine, na maana yake kwa Kiingereza.

Ukiikuta alama inayokaribia, soma kanusho lake. Mara nyingi mtu husajili kaulimbiu nzima kwa sharti kwamba hadai umiliki wa neno fulani lililomo, kama vile "Pwani". Hilo linakupa nafasi ya kulitumia neno, si kuutumia mpangilio wake.

Na usikute rejista tupu ukalala. Asiyesajili naye anaweza kushtaki kwa madai kwamba unauza bidhaa yako kama vile ni yake, akithibitisha kwamba wateja tayari wanaijua bidhaa hiyo kwa maneno na sura yake, kwamba umewachanganya, na kwamba amepata hasara. Ndiyo maana tulipita madukani na kuangalia chupa, rangi na vifuniko, kisha tukatafuta mtandaoni maneno yote matano yakiwa ndani ya alama za kunukuu. Kaulimbiu inayokaribiana kidogo huwa hatari zaidi ikikaa juu ya chupa inayofanana.

Kisha ikaja kazi ya kuandika upya. Jaribio lake la kwanza lilikuwa "Raha ya Pwani, Mezani Pako". Nikamwambia huo ni mfupa ule ule umevikwa kanzu nyingine. Kamusi haimtoi mtu hapo, maana kisawe huleta maana ile ile mahali pale pale. Njia ya salama ni kuiweka kando kabisa kaulimbiu ya mshindani na kuanza na jambo ambalo ni la kwako na ni la kweli.

"Embe zako unazifanyaje?" nikamuuliza.

"Nazikata, nazitia chumvi, naanika juu ya dari siku tatu. Mama hakubali siku mbili."

Tukapata: "Siku Tatu Juani, Ndipo Chupani". Haina sifa ya jumla, haina Pwani, haina nyumba ya mteja, na mdundo wake ni mwingine. Pia ni rahisi kuitetea, kwa sababu anaweza kueleza ilikotoka. Ila nilimwonya: siku atakayoanza kukausha kwa mashine au kwa siku moja, kaulimbiu hiyo itakuwa uongo kwa mnunuzi, na hilo ni kosa jingine.

Tuliirudisha kwenye mizani ile ile: simu kwa watu sita wengine, rejista, madukani, mtandaoni. Safari hii hakuna aliyemtaja mshindani. Kifuniko akakifanya cha kijani. Rasimu zote na majibu ya KIPI akayaweka kwenye faili yakiwa na tarehe, ili akiulizwa aonyeshe kwamba alitafuta kabla ya kuchapisha.

Jibu la rejista halifungi mlango moja kwa moja. Akiomba kusajili, alama itatangazwa, na yeyote ana siku 60 za kupinga. Nilimshauri achapishe lebo mia tatu kwanza, elfu mbili baadaye. Mchapishaji alinuna kidogo. Mpwa wangu alilipa mia tatu.