Pango la biashara katika kodi ya mapato (Tanzania)

Pango la biashara ni malipo anayotoa mfanyabiashara kwa kutumia duka, ofisi au ghala la mtu mwingine. Kwa kuwa neno "kodi" hutumika kwa pango na pia kwa tozo ya serikali, makala hii inatumia "pango" kwa maana ya kwanza.

Sheria ya Kodi ya Mapato (Sura ya 332) inaruhusu kutoa katika mapato gharama zilizotumika kwa ajili ya biashara pekee. Hivyo pango la duka hutolewa, lakini pango la chumba anacholala mwenye duka halitolewi. Mkataba mmoja ukihusu vyote viwili, pango hugawanywa.

Nafuu hii haimfikii kila mfanyabiashara. Mtu binafsi ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 100 kwa kawaida hutozwa kwa makadirio yanayotokana na mauzo, si faida. Kwake pango, hata liwe kubwa, halipunguzi kodi. Kampuni, hata ndogo, hutozwa asilimia 30 ya faida.

Mfano ni kampuni ndogo iliyopanga fremu Nzuguni, kata ya Dodoma yenye stendi kuu ya mabasi na Soko la Job Ndugai. Pango ni shilingi 300,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka la mwaka mzima kuanzia tarehe 1 Oktoba, yaani 3,600,000. Kampuni inazuia asilimia 10, yaani 360,000, na kumpa 3,240,000. Kiasi kilichozuiwa hupelekwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, hapa kufikia tarehe 7 Novemba.

Kiasi kilichozuiwa ni kodi ya mwenye nyumba, kwa hiyo gharama ya kampuni inabaki 3,600,000. Hata hivyo, mwaka wake wa hesabu ukiisha tarehe 31 Desemba, inatoa miezi mitatu tu, yaani 900,000. 2,700,000 zinasubiri mwaka unaofuata. Kuziingiza zote mara moja ni kosa la kawaida, na huonekana upesi tarehe za mkataba zikilinganishwa na hesabu.

Ugumu huanza mwenye nyumba anaposema anataka 300,000 "mkononi". Hapo pango halisi ni 333,333 kwa mwezi, na ndilo linalopaswa kuandikwa kwenye mkataba. Mpangaji asipozuia, TRA humdai yeye kodi hiyo, ingawa sheria inamruhusu kuirudisha kutoka kwa mwenye nyumba.

Amana itakayorejeshwa mpangaji akihama si gharama. Kupaka rangi na kubadilisha kitasa ni matengenezo, hivyo hutolewa. Kujenga ukuta wa kugawa fremu ni uwekezaji, ambao hupunguzwa kidogokidogo kama uchakavu.