Shaba Yenye Jina la Sultani

Sarafu za kwanza za Lidia, katika karne ya 7 kabla ya Kristo, zilikuwa vidonge vya dhahabu iliyochanganyika na fedha, vilivyopimwa uzito kisha kugongwa kwa nyundo juu ya mhuri. Thamani ilikuwa ndani ya madini yenyewe.

Kilwa ilifuata njia nyingine. Sarafu za shaba za Ali bin al-Hasan, wa karne ya 11, zina jina lake upande mmoja na maneno ya kumtegemea Mungu upande wa pili, pande hizo zikipatana kwa vina. Hazina tarehe wala kiwango cha thamani, na uzito wake hutofautiana mno; yaelekea zilihesabiwa tu, hazikupimwa. Jina ndilo lililozidhamini. Kwa hiyo zilizunguka hasa Kilwa, Mafia na Unguja, zikifaa manunuzi madogo ya sokoni, ilhali biashara ya ng'ambo ilitegemea dhahabu, pembe na nguo. Mchuuzi alipata chenji; sultani alipata jina lake katika kila kiganja. Palipokoma heshima ya jina hilo, sarafu iligeuka kipande cha shaba tu.