Kitendawili cha nukta tisa: namna sifuri ilivyoingia kwenye milinganyo

Mwaka 1744 Gabriel Cramer wa Geneva alimwandikia Leonhard Euler, aliyekuwa Berlin, kuhusu jambo lililomtatiza. Mlinganyo wa mstari uliopinda wa daraja la tatu una vigezo 10. Ukiugawa wote kwa kimoja, vinabaki 9 vya kutafuta. Kila nukta ambamo mstari unapita hutoa mlinganyo mmoja, hivyo nukta 9 zilitarajiwa kutosha kuutambulisha mstari mmoja tu. Lakini mistari miwili ya aina hiyo huweza kukatana katika nukta 9. Basi nukta zilezile zimebeba mistari miwili!

Euler alijibu katika makala iliyochapishwa mwaka 1750. Kosa, alisema, ni kudhani kwamba milinganyo ikilingana kwa idadi na visivyojulikana, jibu lazima liwe moja. Alitoa mfano mdogo: 3x − 2y = 5 na 4y = 6x − 10. Uupange upya ule wa pili, upate 6x − 4y = 10. Ni ule wa kwanza uliozidishwa kwa 2. Ukijaribu kuiondoa x, y nayo inatoweka, unabaki na 0 = 0. Majibu hayana idadi.

Mwaka huohuo wa 1750 Cramer alichapisha kitabu chenye kanuni inayobeba jina lake hadi leo, ambamo kila kisichojulikana hupatikana kwa kugawanya. Kigawanyo ndicho tunachokiita determinanti. Kwa ax + by = e na cx + dy = f, determinanti ni ad − bc. Katika mfano wa Euler ni 3 × (−4) − (−2) × 6, yaani −12 + 12 = 0. Hakuna cha kugawanyia.

Hata hivyo, sifuri peke yake haisemi kama majibu ni mengi au hayapo kabisa. Badili 10 iwe 11: determinanti inabaki 0, lakini ukiondoa x unapata 0 = 1. Mistari ya milinganyo hiyo miwili iko sambamba, haikutani popote. Kwa hiyo ni lazima utazame na upande wa kulia.

Sasa chukua 3x − 2y = 5 na 6x − 3y = 12. Determinanti ni −9 + 12 = 3, si sifuri, hivyo kugawanya kunawezekana. Mwaka 1858 Arthur Cayley, Mwingereza, alizifanyia matriksi hesabu kama namba, akaeleza na kinyume chake. Kwa matriksi ya 2 kwa 2, badilishanisha nafasi za a na d, geuza alama za b na c, gawanya kwa determinanti, kisha zidisha kwa namba za upande wa kulia, 5 na 12:

x = (−3 × 5 + 2 × 12) / 3 = 3
y = (−6 × 5 + 3 × 12) / 3 = 2

Determinanti ikiwa 0, mgawanyo huo hauwezekani na matriksi haina kinyume. Ndivyo ilivyo kwa nukta 9 za Cramer: milinganyo ni tisa kwa kuhesabu, lakini mmojawapo umeshasemwa na mingine minane.